Uso wa Ndani, Dirisha la Nje: Jinsi Picha Mbili Zinavyounganishwa Kuwa Moja

Ukimketisha mtu kando ya dirisha mchana wa jua na kutaka picha iliyobeba vyote viwili, sura yake na mandhari ya nje, kamera itakulazimisha uchague. Ukipima mwanga wa uso, dirisha linaungua na kubaki pengo jeupe lisilo na kitu. Ukipima mwanga wa nje, bahari na mapaa yanatoka vizuri, lakini mtu wako anageuka kivuli. Ukipima katikati, unapoteza kidogo huku na kidogo kule, na picha haina uhai upande wowote.

Jawabu linalotajwa mara nyingi ni kupiga picha mbili, moja ya ndani na moja ya nje, kisha kuziunganisha kwenye kompyuta. Maneno hayo ni sahihi, ila yanaruka sehemu ngumu. Kuunganisha dirisha tupu na chumba kitupu ni kazi ya dakika chache, na wapiga picha wa nyumba za kupangisha huifanya kila siku. Akishaingia mtu, hasa nywele zake zikipita mbele ya dirisha, ugumu wote unahamia kwenye ukingo mwembamba ambapo nywele zinakutana na mwanga. Ukingo huo ndio ninaotaka kuueleza hapa, kwa sababu uzuri au ubovu wake unaamuliwa zaidi na namna ulivyopiga kuliko na ufundi wako wa kompyuta.

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate mpaka mwisho. Chumba ni cha ghorofani katika Mji Mkongwe, Zanzibar. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene karibu nusu mita, na dari ni ya boriti. Dirisha halina kioo. Lina nondo na mbao mbili za kufungua. Nje yanaonekana mapaa ya mabati na kipande cha bahari. Binti amekaa kwenye kiti, bega lake la kushoto likielekea dirishani. Nywele zake ni za asili, amezichana zikasimama, na karibu nusu ya nywele hizo inaangukia ndani ya umbo la dirisha ukitazama kutoka kwenye kamera. Taa ya chumbani imezimwa.

Kwanza tupime tatizo lenyewe. Wapiga picha huhesabu mwanga kwa stopu, na kila stopu moja ni kuongeza mwanga maradufu au kuupunguza nusu. Kwa ISO 400 na tundu la lenzi la f/5.6, upande wa uso unaopata mwanga wa dirisha unahitaji kasi ya shata ya 1/60. Mapaa yaliyo juani, kwa ISO na tundu lile lile, yanahitaji 1/4000. Kutoka 1/60 hadi 1/4000 ni stopu 6, maana yake nje kuna mwanga mara 64 zaidi ya ulio usoni. Na uso sio sehemu yenye giza kuliko zote chumbani. Pembe ya nyuma, chini ya boriti, iko kama stopu 3 chini ya uso, na ukuta mweupe unaopigwa na jua kule nje uko stopu 2 juu ya wastani wa mapaa. Ukijumlisha yote, kutoka pembe hadi ukuta ni stopu 11, wakati karatasi nzuri ya kusafishia picha inabeba kama 7 tu.

Aliye chumbani haoni tatizo hilo kwa sababu jicho halitazami vyote kwa mpigo mmoja. Linatua usoni na kujirekebisha, linahamia baharini na kujirekebisha tena, kisha ubongo unaunganisha. Kamera inatumia kipimo kimoja kwa fremu nzima. Pikseli iliyojaa mwanga imejaa. Hata ukiongeza mwanga mara mia haitarekodi zaidi, na kilichokuwepo pale hakirudi kwa mbinu yoyote.

Kwa nini basi tusipige picha moja ya RAW, yaani faili ghafi la kamera, kwa ajili ya nje, halafu tuuinue uso kwenye kompyuta? Sensa za siku hizi zinavumilia, na kwa tofauti ya stopu 2 au 3 mimi mwenyewe ningefanya hivyo bila kusita. Lakini kwa mfano wetu, picha iliyopigwa kwa 1/2000 inaupa uso moja ya 32 ya mwanga unaohitaji. Chengachenga za picha hazitokani na ubovu wa kamera peke yake. Zinatokana na uchache wa mwanga wenyewe. Mwanga ukipungua mara 32, uwiano kati ya picha na chengachenga unashuka kwa kipeuo cha pili cha 32, yaani kati ya mara 5 na 6. Unapoinua uso huo unainua na uchafu wake. Ngozi nyeusi inaumia zaidi, kwa kuwa rangi zake nzuri, ule wekundu na udhahabu ulio chini ya weusi, ziko kwenye vivuli, na vivuli vikipungukiwa na mwanga vinageuka kijivu au kijani. Kuanzia stopu 4 kwenda juu, piga picha mbili.

Hali ya HDR iliyomo kwenye simu na kamera nayo hupiga picha kadhaa na kuzichanganya yenyewe. Kwa mandhari inafaa. Kwa sura ya mtu dirishani ina kasoro mbili. Mtu anapumua na kupepesa macho, hivyo kingo zake hazilingani kutoka picha moja hadi nyingine. La pili ni kubwa zaidi: programu inainua vivuli vyote sawasawa, pamoja na kile kivuli cha upande wa pili wa uso ambacho ndicho kinachoupa umbo. Uso unatoka bapa. Ukiunganisha kwa mkono, unaamua mwenyewe kwamba kivuli kile kibaki.

Wazo lenyewe ni la zamani. Katika miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray alikuwa akipiga picha za bahari kwa vioo vilivyopakwa kemikali, na kemikali za wakati ule zilikuwa nyepesi mno kuupokea mwanga wa buluu, kwa hiyo mbingu iliungua kila alipoipa bahari mwanga wa kutosha. Baadhi ya picha zake, zikiwemo za mji wa pwani wa Sète za mwaka 1857, alizisafisha kutoka negativu mbili, moja ya bahari na moja ya mawingu, akaziunganisha kwenye mstari wa upeo. Alipata mahali pazuri pa kukatia, kwa sababu upeo wa bahari ni mstari ulionyooka na haujongei. Sisi tuna nywele.

Kwa hiyo tuanze na upigaji. Kamera inakaa kwenye tripodi na haiguswi tena isipokuwa kubadilisha kasi ya shata. ISO, tundu la lenzi, kipimo cha rangi ya mwanga na fokasi vyote vinafungwa kwa mkono. Fokasi ndiyo inayosahaulika. Mpiga picha akishamaliza picha ya uso, mkono unamwasha kuilenga bahari ili nje kuwe kukali. Akifanya hivyo anaharibu mambo mawili. Lenzi nyingi hubadilisha kidogo ukubwa wa picha zinapobadilisha fokasi, hivyo nondo na kingo za mbao hazitakaa juu ya zenzake. Tena, mandhari makali nyuma ya mtu aliyepigwa kwa f/5.6 hayaaminiki, macho ya mtazamaji yanajua kwamba mahali pale palitakiwa kuwa na ukungu kidogo. Lenga jicho la binti lililo karibu na kamera, funga fokasi, uiache hapo hapo mpaka mwisho. Tundu la lenzi nalo halibadilishwi, kwa sababu hiyo hiyo ya ukungu.

Sasa kipimo cha uso. Ukitumia kipimo cha nukta moja juu ya shavu la mtu mweusi, kamera itakushauri kasi ndogo kuliko inayotakiwa, kwa sababu imetengenezwa kukiona kila kitu kana kwamba ni kijivu cha kati. Kwa binti wetu itasema 1/30. Ukiitii, ngozi yake inapauka kwa stopu nzima na anakuwa mtu mwingine. Tunapiga kwa 1/60 na ngozi inabaki na rangi yake. Namwomba atulie, apumue nje taratibu, na ninapiga fremu kadhaa, maana kwa 1/60 kichwa kikisogea kidogo tu jicho linalegea. Picha ya uso tuiite ya ndani.

Picha ya pili ni ya dirisha. Kipimo sahihi cha mapaa ni 1/4000, lakini napiga kwa 1/2000, stopu moja juu ya kipimo hicho. Mtu aliye ndani anapoangalia nje huona nje kunang'aa, na picha lazima imkumbushe hilo. Zaidi ya stopu moja, kuta nyeupe zinaanza kuungua. Vimeremeto vichache vya bati vikiungua, viache. Jua juu ya bati huungua hata machoni.

Na hapa ndipo penye uamuzi unaorahisisha yote yanayofuata. Kabla ya kupiga picha ya dirisha, mwambie mtu wako ainuke na atoke ndani ya fremu. Wengi wanapiga zote mbili akiwa amekaa, wakidhani mpangilio lazima ufanane. Lakini mtu hawezi kurudia mahali pale pale kwa usahihi wa nywele. Kati ya fremu mbili kichwa chake kitakuwa kimesogea nusu sentimita, na nusu sentimita hiyo itaonekana kama kivuli cha kichwa cha pili nyuma ya kile cha kwanza. Dirisha likipigwa tupu, una mandhari kamili, pamoja na sehemu iliyokuwa imefichwa na nywele. Kichwa kinatoka picha moja tu, hakina cha kugongana nacho. Mimi hupiga pia fremu moja ya 1/2000 akiwa bado amekaa, kama akiba, lakini mara chache huihitaji.

Fanya haya yote haraka. Wingu likipita kati ya picha ya kwanza na ya pili, mwanga ulioko usoni hautalingana na ule wa nje. Pazia likiwepo, lifunge kwa kamba, kwa sababu pazia linalopepea liko mahali papya katika kila fremu. Minazi na mashua za nje zinaweza kucheza zitakavyo, kwa kuwa zitatoka katika picha moja peke yake. Na kabla ya yote futa lenzi. Dirisha lililo ndani ya fremu linamwaga mwanga moja kwa moja kwenye kioo cha lenzi, na alama ya kidole inausambaza mwanga huo kuwa ukungu mweupe juu ya nywele. Hata lenzi safi ina ukungu kidogo. Katika picha ya ndani utaona kingo za nywele zilizo mbele ya dirisha zimepauka na kuwa za kahawia, na zile nyembamba kabisa zimemezwa. Kadiri unavyolipa dirisha mwanga mwingi kupita kiasi ndivyo linavyozidi kuzila nywele, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoipiga picha ya ndani kwa 1/30.

Tukae sasa kwenye kompyuta. Nitatumia majina ya Photoshop, ila GIMP, ambayo ni ya bure, ina leya, maski na hali ya Multiply kama hiyo hiyo.

Faili mbili za RAW zinafunguliwa kwa kipimo kimoja cha rangi. Kwenye picha ya ndani kuna kishawishi cha kuvuta Highlights chini ili kuokoa dirisha. Usifanye hivyo. Hakuna cha kuokoa pale, na kitelezi hicho kitageuza weupe safi kuwa kijivu. Tunauhitaji weupe ule, kama utakavyoona. Picha ya nje unaweza kuiongeza nusu stopu ikiwa inaonekana nzito, na kupunguza kidogo ukali wa rangi, kwa sababu bahari iliyopimwa vizuri huwa na buluu kali kuliko mtu wa ndani anavyoiona.

Weka picha ya ndani chini na ya nje juu yake. Njia ambayo kila mtu hufundishwa ni kuweka maski nyeusi kwenye leya ya juu, yaani pazia ambalo weusi wake huificha leya na weupe wake huionyesha, kisha kupaka nyeupe juu ya dirisha ili nje ionekane. Kwa kingo zilizonyooka njia hii inatosha: chagua umbo la dirisha kwa Polygonal Lasso ukiwa na Feather ya pikseli 1, jaza nyeupe, na mbao za dirisha zinakaa safi. Ukifika kwenye nywele inashindikana. Hakuna brashi inayoweza kufuata nywele za asili zilizosimama, kila unywele na mkunjo wake. Ukiacha nafasi, unapata utepe mweupe kuzunguka kichwa. Ukisogea ndani, unakata nywele na kichwa kinakuwa kama kimenyolewa kwa mkasi.

Njia inayofaa ni kuitumia ile sehemu iliyoungua. Badilisha hali ya leya ya juu kutoka Normal kwenda Multiply. Hali hii inazidisha thamani ya pikseli ya juu kwa ile ya chini, nyeupe ikihesabiwa kuwa 1 na nyeusi 0. Pale ambapo picha ya ndani imeungua kabisa, thamani ni 1, na 1 mara bahari ni bahari. Nje inaonekana ilivyo. Pale penye unywele mweusi, thamani iko karibu na 0, na 0 mara bahari ni nyeusi. Unywele unabaki mweusi. Na pikseli zile za ukingoni, ambazo ni nusu unywele na nusu mwanga, zina thamani ya kati, kwa hiyo zinapata bahari iliyofifia kwa kiasi kile kile. Kila unywele unajikata wenyewe, hata ule usiouona kwa macho. Dirisha lililoungua, ambalo mwanzo lilikuwa hasara, ndilo linaloziokoa nywele.

Ndiyo maana sikutaka uguse Highlights. Dirisha likishuka kutoka nyeupe hadi kijivu, tuseme 220 badala ya 255, kila kitu cha nje kitaingiwa na giza, kana kwamba unakitazama kupitia kioo cha kijivu. Na ndiyo maana pia mtu hakutakiwa kuwemo kwenye picha ya nje: angekuwepo, kichwa chake cheusi kingezidishwa juu ya dirisha na kuacha doa.

Maski bado inahitajika, ila kazi yake sasa ni nyepesi. Multiply ikiachwa juu ya fremu nzima itaufanya uso na chumba kuwa giza, kwa sababu katika picha ya 1/2000 chumba ni karibu cheusi. Maski iwe nyeusi kote, nyeupe ndani ya dirisha, na kwenye upande wa nywele iingie ndani ya kichwa kwa brashi laini, kiasi cha upana wa vidole viwili kwenye skrini. Huko ndani nywele ni nyeusi, na nyeusi ikizidishwa na chochote haibadiliki, kwa hiyo hakuna mpaka utakaoonekana. Chunga shavu na sikio. Maski ikifika kwenye ngozi, utaona alama ya giza inayopanda shavuni, na hapo unaifuta kwa brashi nyeusi.

Baada ya hapo kuza picha hadi asilimia 100 na upite polepole kwenye ukingo wote, ukiwasha na kuzima leya ya juu kwa kubofya lile jicho dogo pembeni. Kuna mambo matatu ya kutafuta.

La kwanza ni utepe mweupe kando ya mbao za dirisha. Maana yake maski haijafika ukingoni na mwanga uliotapakaa katika picha ya ndani umebaki. Isukume mbele kwa pikseli 1 au 2. Ukikuta utepe mweusi badala yake, maski imevuka na kuchukua mbao nyeusi za picha ya nje, irudishe nyuma.

La pili ni vitu vya nje vinavyoonekana mara mbili. Hili huwashangaza watu, kwa kuwa tripodi haikusogea. Chanzo ni vivuli vya nje. Chini ya ukingo wa paa la jirani kuna giza ambalo, hata kwa 1/60, halikuungua kabisa. Limebaki kama kijivu hafifu kwenye picha ya ndani. Multiply inazidisha kijivu hicho juu ya kivuli halisi na kivuli kinakuwa kizito kama shimo. Rekebisha picha ya ndani, ndani ya eneo la dirisha tu: weka Levels, vuta alama ya weupe kushoto mpaka vijivu hivyo viwe vyeupe, na usimame kabla nywele hazijaanza kuliwa. Nondo za dirisha nazo zinazidishwa mara mbili, lakini zenyewe ni nyeusi, hazidhuru.

La tatu ni wepesi wa nywele karibu na ukingo, ile kahawia niliyoitaja. Baada ya Multiply inapata rangi ya mandhari, na nywele zilizo mbele ya bahari zinaweza kuwa na buluu kidogo. Usiiondoe yote. Mwanga wa dirisha kweli huzunguka kichwa cha mtu, na kichwa kilichokatwa kwa weusi mtupu kinaonekana kimeletwa kutoka mahali pengine. Pale palipozidi tu, pita na Burn ukiiweka kwenye Shadows kwa nguvu ya asilimia 10.

Kisha kuna mahali ambapo wengi hawapatazami: unene wa ukuta wenyewe pembeni mwa dirisha. Katika nyumba hizi ni uso mpana wa chokaa nyeupe unaopokea mwanga wa mbingu moja kwa moja, na kwa 1/60 unaungua sehemu. Ukiunganisha dirisha na kuuacha ukuta huo umeungua, utapata kitu kisichowezekana, ukuta wa ndani unaong'aa kuliko anga iliyoutia mwanga. Ongeza nakala ya picha ya nje katika hali ya Normal, maski nyeusi, na upake ukuta huo kwa brashi kubwa laini yenye nguvu ya asilimia 20, mara moja au mbili, ukizidisha karibu na dirisha na kupunguza kuelekea chumbani. Mwanga unapaswa kushuka kidogo kidogo kutoka nje hadi usoni, bila ngazi ya ghafla.

Swali la mwisho la macho ni kiasi gani nje ing'ae. Naona kosa hili kuliko mengine yote, hata kwa watu wenye maski safi kabisa: nje imefanywa nyeusi na ya rangi kali kiasi kwamba inalingana na uso, au iko chini yake. Dirisha hilo linakuwa kama kalenda iliyotundikwa ukutani. Dirisha ndilo chanzo cha mwanga wote wa chumba, kwa hiyo lazima liwe na mwanga kuliko kitu chochote linachokimulika. Mimi huliacha stopu moja na nusu hivi juu ya uso. Njia rahisi ya kukagua ni kuipunguza picha mpaka iwe ndogo kama stempu kwenye skrini. Jicho likienda dirishani kwanza na kukwama huko, limezidi. Likiona chumba na nje vina uzito mmoja, limepungua. Linapaswa kuona dirisha, kisha liende usoni na kukaa.

Njia hii ina mipaka, na mpaka wake mkuu ni weupe. Multiply inategemea kitu cheusi mbele ya weupe. Tuseme badala ya binti amekaa mzee mwenye kofia nyeupe ya mkono, na kofia iko mbele ya dirisha. Kofia ile ina thamani ya juu, kwa hiyo mapaa na bahari vitajichapa juu yake, na utaona bati likipita kwenye darizi. Hapo maski ya kawaida katika Normal inarudi, na bahati nzuri ni kwamba kofia ina ukingo laini ulionyooka ambao Pen Tool inaufuata bila shida. Mvi nyembamba ni mtihani mkubwa zaidi: ni nyeupe na pia hazishikiki kwa kalamu. Kwa mtu mwenye mvi ninamsogeza kabla sijapiga, kichwa chake kikae mbele ya ukuta au ubao wa dirisha, na dirisha libaki pembeni yake. Hatua moja ya kiti inaokoa saa nzima ya maski isiyoridhisha.

Mpaka wa pili ni mtoto mdogo, au mtu yeyote ambaye huwezi kumtoa kwenye kiti na kumrudisha. Kwa mtoto, picha ya nje huipiga kabla hajaingia chumbani, kisha anaketishwa, na ninapiga za ndani mpaka mojawapo iwe kali. Anga likiwa la mawingu yanayokimbia, hata hilo halifai, kwa sababu dakika tano zinatosha kubadilisha mwanga wa nje kwa stopu 2. Siku hiyo acha picha mbili, tumia flashi. Mfano wetu wa ISO 400, f/5.6 na 1/2000 ni sawa na ISO 100, f/8 na 1/250, kasi ambayo kamera nyingi zinaiweza pamoja na flashi. Kwa zile zinazoishia 1/200 mwanga wa nje utaongezeka kidogo tu, si tatizo. Weka kamera hapo kwa ajili ya nje, kisha elekeza flashi kwenye ukuta wa chokaa ulio upande ule ule wa dirisha, ili mwanga wake urudi kwa binti kutoka upande ambao mwanga wa kweli ungetoka. Utapoteza sehemu ya ulaini wa mwanga wa dirisha usoni, na flashi ndogo itabidi ifanye kazi kwa nguvu zake zote, lakini nywele zitakuwa zimepigwa mara moja na mandhari yake, bila ukingo wa kuunganisha.